Asilimia 10 Iliyo Ghali Kuliko 18

Tuseme kuna nchi mbili jirani. Ya kwanza inatoza kodi ya mauzo ya asilimia 10 kila bidhaa inapouzwa, iwe anayeuza ni kiwanda au mwenye duka. Ya pili inatoza Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ya asilimia 18. Mkuu wa shule ya bweni anayetafuta vitanda vya chuma vya dabo deka akiambiwa achague pa kununulia, ataikimbilia nchi ya asilimia 10 bila kuuliza mara mbili. Huko kitanda kitamgharimu shilingi 249,700. Kwa jirani wa asilimia 18, kitanda hichohicho, cha chuma kilekile na mafundi wa ujira uleule, angekipata kwa shilingi 236,000.

Hesabu hiyo ni ya mfano, na namba zake nimezichagua ziwe rahisi ili msomaji aweze kuzifuata kwa kikokotoo cha simu. Lakini kinachotokea ndani yake si cha kubuni. Ndicho kilichozifanya nchi nyingi, zikiwamo zetu, ziache kodi ya mauzo na kuingia kwenye VAT. Na kuna mahali ambapo jambo hilohilo linarudi kimyakimya ndani ya VAT yenyewe, kwa mlango ambao wengi wetu tunauona kuwa ni huruma ya serikali. Nitafika huko, lakini kwanza tukifuate kitanda.

Kitanda kinatozwa mara tatu

Mnyororo wetu una hatua tatu. Kiwanda kinayeyusha vyuma chakavu na kutoa engo na flati baa. Karakana inanunua vyuma hivyo, inakata, inachomelea, inapiga rangi na kutoa kitanda. Duka la samani linanunua kitanda karakana na kumuuzia mkuu wa shule. Kitanda kimoja kinakula chuma ambacho kiwanda kinataka kukiuza kwa shilingi 100,000. Karakana inahitaji shilingi 60,000 juu yake kwa ajili ya mafundi, pango na faida. Duka linahitaji 40,000. Kama dunia isingekuwa na kodi, kitanda kingeuzwa shilingi 200,000.

Sasa ilete kodi ya mauzo ya asilimia 10. Kiwanda kinauza chuma kwa 100,000, kinaongeza kodi 10,000, na karakana inalipa 110,000. Kwa mwenye karakana, hiyo 10,000 haina tofauti na bei ya chuma. Imeshatoka mfukoni na hairudi. Anaongeza 60,000 zake, anafika 170,000, na juu ya hiyo anatoza asilimia 10 yake, yaani 17,000. Duka linapokea kitanda kwa 187,000, linaongeza 40,000, linafika 227,000, kisha linatoza 22,700. Bei ya mwisho ni shilingi 249,700. Serikali imepata 10,000, halafu 17,000, halafu 22,700, jumla 49,700. Sheria inasema asilimia 10, lakini ukiigawa kodi hiyo kwa thamani halisi ya kitanda, unapata karibu asilimia 25.

Watu hulieleza jambo hili kuwa ni kodi juu ya kodi, na maelezo hayo ni sahihi, ila yanaificha sehemu kubwa ya mzigo. Kodi iliyotozwa juu ya kodi nyingine katika kitanda hiki ni shilingi 3,700 tu. Kilichokipandisha kitanda zaidi ni kwamba thamani ileile imetozwa tena na tena. Chuma cha shilingi 100,000 kilitozwa kilipotoka kiwandani, kikatozwa kikiwa ndani ya kitanda kilipotoka karakana, kikatozwa tena dukani. Kazi ya mafundi ilitozwa mara mbili. Ya mwenye duka, aliyekaa mwisho wa foleni, ilitozwa mara moja. Kwa hiyo anayefanya kazi mwanzoni mwa mnyororo, yule wa tanuru na mashine, ndiye ambaye jasho lake linabeba kodi nyingi kuliko yule wa kaunta. Nchi inayosema inataka viwanda huku ikitoza namna hii inajipiga mwenyewe.

Na hapo tumewafanya wafanyabiashara wawe waungwana kupita kawaida. Tumesema karakana inataka 60,000 na duka 40,000, basi. Mitaani wengi hawapangi faida hivyo. Wanapanga kwa asilimia ya mtaji uliotumika. Mwenye karakana anaongeza asilimia 60 juu ya alichonunulia, mwenye duka asilimia 25. Rudia hesabu kwa mtindo huo: karakana inanunua kwa 110,000, inaweka 66,000 badala ya 60,000, na kodi inakuwa 17,600. Duka linanunua kwa 193,600, linaweka 48,400 badala ya 40,000, na kodi ni 24,200. Mkuu wa shule analipa 266,200. Serikali imepata 51,800, na zile 14,400 zilizobaki juu ya thamani ya kitanda zimeingia kwenye mifuko ya wafanyabiashara kama faida waliyoipata kwa sababu tu kodi iliivimbisha bei yao ya kununulia. Hakuna aliyeiba. Ndivyo mtambo unavyofanya kazi.

Anayekula ni mwenye kila kitu

Kodi hii ina upendeleo ambao haukuandikwa kwenye kifungu chochote. Chukua kampuni moja kubwa yenye tanuru lake, karakana yake na duka lake. Chuma kinatoka jengo hili kwenda jengo lile bila kuuzwa, kwa hiyo bila kodi. Kinachouzwa ni kitanda tu, mara moja, kwa 200,000 na kodi ya 20,000. Kampuni hiyo inauza kwa 220,000 kitanda ambacho washindani wake watatu wadogo, wenye gharama zilezile na pengine mafundi hodari zaidi, hawawezi kukiuza chini ya 249,700. Tofauti ya shilingi 29,700 imeletwa na kodi peke yake.

Wajerumani waliishi na jambo hili kwa miaka 50. Kodi yao ya mauzo ilianza mwaka 1918 kwa asilimia 0.5, kiwango ambacho kila mtu angekiona kidogo, na kufikia mwaka 1951 ilikuwa asilimia 4 katika kila hatua. Kampuni kubwa zilikuwa na sababu ya ziada ya kuwameza wanaoziuzia malighafi, na wadogo walilalamika hadi mahakamani. Tarehe 20 Desemba 1966 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema kwamba kodi hiyo haiwatendei wafanyabiashara kwa usawa na kwamba ingevumiliwa tu kwa muda, kwa kuwa mageuzi yalikuwa yanaandaliwa. Mageuzi yalianza tarehe 1 Januari 1968 kwa kuingia VAT. Mfaransa Maurice Lauré, ofisa wa kodi, alikuwa ameshaufanyia kazi mfumo huo kwao tangu mwaka 1954.

Kwetu Kenya ilitangulia, mwaka 1990. Uganda ikafuata mwaka 1996, na wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka kuipinga. Tanzania Bara iliiaga kodi ya mauzo tarehe 1 Julai 1998 na kuanza na VAT ya asilimia 20, iliyoshushwa hadi 18 mwaka 2009.

Risiti yenye thamani ya fedha

VAT nayo inatozwa katika hatua zote tatu, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Tofauti yake ni ruhusa moja: mfanyabiashara aliyesajiliwa anapopeleka ritani, anaondoa kodi aliyolipa kwenye manunuzi kutoka kwenye kodi aliyotoza kwenye mauzo, na kulipa kinachobaki.

Kiwanda kinauza chuma kwa 100,000 na VAT 18,000, kinazipeleka 18,000 zote. Karakana inalipa 118,000, lakini 18,000 kati ya hizo haiziingizi kwenye gharama ya kitanda, kwa kuwa itazidai. Inauza kitanda kwa 160,000 na VAT 28,800. Inatoa 18,000, inapeleka 10,800. Duka linauza kwa 200,000 na VAT 36,000, linatoa 28,800 lilizolipa, linapeleka 7,200. Jumlisha: 18,000 na 10,800 na 7,200 ni 36,000, ambayo ni asilimia 18 kamili ya kitanda cha 200,000. Ile kampuni kubwa yenye kila kitu nayo ingeuza kwa 236,000. Idadi ya mikono iliyokipitisha kitanda haina tena maana yoyote kwenye kodi.

Tazama pia kinachotokea kwenye droo ya mwenye karakana. Chini ya kodi ya mauzo, risiti ya kiwanda ilikuwa karatasi tu. Chini ya VAT, risiti ile ya mashine ya EFD ina thamani ya shilingi 18,000. Asipoipata, kodi hiyo anaibeba mwenyewe. Kwa hiyo anaidai, na akiidai, mauzo ya kiwanda yanaonekana TRA bila ofisa yeyote kutumwa. Ni kweli kwamba karatasi yenye thamani ya fedha huwa na wanaoighushi, na risiti za mauzo ambayo hayakufanyika ni tatizo lisiloisha kwa mamlaka yoyote ya VAT. Dukani, mwisho wa mnyororo, hamu ya kudai risiti inakufa, kwa sababu mkuu wa shule hana pa kudai 36,000 zake.

Haki lazima itendeke kwa kodi ya mauzo pia: ilikuwa rahisi. Hakuna kutunza risiti za manunuzi, hakuna marejesho ya kugombania, na kwa serikali inaingiza fedha nyingi kwa kiwango kinachosikika kidogo. Ili VAT iingize zile 49,700 kutoka kwenye kitanda chetu ingebidi iwe ya karibu asilimia 25, na sijui ni waziri gani wa fedha angesimama bungeni kuitaja namba hiyo. Kodi ya mauzo inaificha. Ndiyo maana haijafa kabisa. Ushuru wa huduma wa halmashauri zetu, ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa iliuwekea kikomo cha asilimia 0.3 ya mauzo, ni ndugu yake wa damu. Unatozwa kwenye mauzo ya kila hatua na haurudishwi. Kwa kuwa ni mdogo, hauumizi sana. Kwenye kitanda chetu ungefika kama shilingi 1,380.

Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine nako kuna mtego wake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kutoza VAT ya asilimia 16 tarehe 1 Januari 2012, ikachukua nafasi ya kodi ya zamani ya mauzo, na bei zikaruka. Sababu moja inaonekana hata kwenye kitanda chetu. Duka lina kitanda kilichonunuliwa chini ya mfumo wa zamani kwa 187,000, na ndani ya bei hiyo zimelala 27,000 za kodi ya mauzo. Mwenye duka anaongeza 40,000 zake, kisha anapachika VAT juu ya yote. Kwa asilimia 18, kitanda kinafika 267,860, kikiwa kimetozwa kodi mbili za zama mbili. Dawa yake ni kumruhusu aidai kodi iliyolala kwenye mzigo wa zamani, jambo linalohitaji kuhesabu stoo ya kila mtu usiku wa kuamkia siku ya kwanza.

Msamaha wa katikati

Sasa tufike pale nilipoahidi. Tanzania Bara, tangu Julai 2023, mfanyabiashara wa kawaida analazimika kujisajili VAT mauzo yake yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Karakana inayotoa vitanda vitatu kwa siku, siku sita kwa wiki, haifiki hapo. Kwa hiyo haitozi VAT. Mwenyewe anaona amesamehewa, na jirani zake wanaona hivyo.

Fuata chuma tena. Kiwanda kinamuuzia kwa 118,000. Kwa kuwa hajasajiliwa, zile 18,000 hawezi kuzidai, zimekuwa gharama. Anaongeza 60,000 zake na kuuza kitanda dukani kwa 178,000. Risiti yake ya EFD haina kodi ya kuondoa. Kwenye mstari wa VRN imeandikwa NOT REGISTERED. Duka linaongeza 40,000, linafika 218,000, na juu ya hiyo linatoza asilimia 18 ambayo ni 39,240. Mkuu wa shule analipa 257,240.

Soma tena namba hiyo. Mtu mmoja katikati amesamehewa kodi, na kitanda kimepanda kutoka 236,000 hadi 257,240. Serikali nayo, badala ya kupoteza, imepata 57,240 mahali pa 36,000. Zile 18,000 za kiwandani hazikurudishwa kwa yeyote, kisha zikatozwa kodi nyingine ya 3,240 dukani. Ni kodi ya mauzo iliyofufuka ndani ya nyumba ya VAT, na imefufuliwa na msamaha.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba mara nyingi bei hiyo haifiki kwa mkuu wa shule. Mwenye duka anajua kuna karakana nyingine iliyosajiliwa inayomuuzia kitanda ambacho, akishatoa VAT anayoidai, kinamgharimu 160,000. Kwa nini anunue cha 178,000? Anampigia simu fundi wetu na kumwambia ashushe. Akishuka hadi 160,000, katika zile 60,000 zake zinabaki 42,000. Mwenye karakana ndogo atakueleza kwamba wakubwa wanamnyima oda kwa dharau, au kwamba duka fulani lina mkono wa mtu. Huenda. Lakini kabla ya kutafuta mkono wa mtu, aangalie ile 18,000.

Mahali pa msamaha kwenye mnyororo ndipo panapoamua kila kitu. Kisamehe kiwanda peke yake: kinauza chuma kwa 100,000 bila VAT, karakana inauza kwa 160,000 na kutoza 28,800 bila kuwa na cha kuondoa, duka linapeleka 7,200, na jumla inarudi kuwa 36,000 ileile. Msamaha wa mwanzoni, kwa kitanda chetu, haumpunguzii mkuu wa shule hata senti. Lisamehe duka peke yake: linanunua kwa 188,800, linaongeza 40,000, kitanda kinauzwa 228,800. Hapo kuna nafuu ya 7,200, yaani kodi ya kazi ya mwenye duka tu, si ya kitanda kizima. Ni msamaha wa katikati peke yake unaopandisha bei.

Kama nia ya serikali ni kweli kuiondolea bidhaa kodi yote, sheria ina chombo kingine, nacho ni kiwango sifuri. Aliye kwenye kiwango sifuri anauza kwa asilimia 0 lakini bado anadai kodi yote ya manunuzi. Bidhaa za kwenda nje ndizo zinazotendewa hivyo. Duka likiuza kitanda chetu Lubumbashi, linakiuza kwa 200,000 na kudai 28,800 lilizolipa karakana. Kitanda kinavuka mpaka kikiwa safi. Chini ya kodi ya mauzo, hata ukiisamehe safari ya mwisho, kitanda kingeondoka kwa 227,000, kikiwa na 27,000 za kodi tumboni, na hakuna ofisa wa forodha ambaye angeweza kuzihesabu, kwa kuwa zinategemea kitanda kimepita mikono mingapi.

Lakini sifuri ina sharti: marejesho yalipwe. Duka linaloidai serikali 28,800 kwa kila kitanda na kuzungushwa mwaka mzima limekopesha serikali mtaji wake bila riba, na mwenye duka mwenye akili atauanza mwaka unaofuata kwa kuingiza ucheleweshaji huo kwenye bei. Hapo VAT inaanza kufanana na kile ilichokuja kukiondoa. Ndiyo sababu mawaziri wa fedha wanapenda msamaha kuliko sifuri. Msamaha unapigiwa makofi bungeni na hauhitaji kumrudishia mtu chochote.

Kila mwaka, kabla ya bajeti, vyama vya wazalishaji hupeleka maombi ya kusamehewa VAT. Mwenye kuandaa ombi la namna hiyo ajibu swali moja kwanza: anamuuzia nani? Kama wanunuzi wake ni walaji wa mwisho, na aombe. Kama wanunuzi wake ni viwanda na maduka yaliyosajiliwa, aombe kitu kingine, kwa sababu msamaha huo utampandishia bei yeye mwenyewe.